Barua kwa mwenye duka

1. Barua ya kwanza

Kamalondo ni moja ya komini saba za mji wa Lubumbashi. Ni komini ya zamani. Wakati mji ulipoitwa Elisabethville, yaani mbele ya mwaka 1966, Kamalondo iliitwa komini Albert.

Tuseme kijana mmoja anakaa huko, tumwite Yosefu. Ana miaka 19. Yeye na wenzake watatu wanataka kutengeneza filamu juu ya mtaa wao. Si filamu ya hadithi ya kubuni. Wanataka kuonyesha mambo ya kweli: namna watu wanavyoamka, wanavyofanya kazi, wanavyouza na kununua. Tena wanataka kuonyesha duka moja dogo, duka la Mama Faida. Mama huyo anauza unga, sukari, chumvi, mafuta, makayabo, sabuni na mishumaa. Anapima sukari kwa glasi na mafuta kwa kikopo, kwa sababu watu wengi hawana feza ya kununua kilo nzima. Baba yake aliuza katika duka lile lile mbele yake.

Yosefu akaandika barua. Ndiyo hii:

«Kwa Mama. Sisi ni vijana tunaotengeneza filamu. Tunataka kupiga picha ndani ya duka lako. Filamu itakuwa nzuri sana, na duka lako litajulikana pote. Tutakuja kesho asubuhi. Asante. Vijana wa mtaa.»

Akampa mdogo wake aipeleke. Mama Faida akaisoma mara mbili, akaikunja, akamrudishia mtoto. Akasema: «Mwambie kaka yako, hapana.»

2. Sababu za Mama

Magaribi Yosefu akaenda mwenyewe. Alingoja hata wanunuzi wakaisha, kisha akaingia.

— Hodi, Mama.

— Karibu, mwanangu.

— Mama, nimekuja juu ya barua ile. Sikuja kukulazimisha. Ninataka kujua kosa langu.

Mama akavuta kiti, akampa.

— Mwanangu, uliniandikia kwamba duka langu litajulikana pote. Nani alikuambia kwamba ninataka lijulikane pote? Tazama hapa chini ya meza. Hili ni sanduku la feza. Mwizi akiona mahali pake katika filamu, hatakuwa na kazi ya kulitafuta. Tazama mlango ule wa nyuma: kufuli lake ni bovu. Sasa tazama daftari hili.

Akaweka mkono juu ya daftari, lakini hakulifungua.

— Ni daftari la madeni. Watu zaidi ya 30 wameandikwa humu. Wanachukua leo, wanalipa mwisho wa mwezi. Yumo na mtu aliyekufundisha kusoma. Majina yao yakionekana, watanitazama namna gani? Na mimi, nitauza kwa nani?

Yosefu akanyamaza. Hakuwa amefikiri juu ya daftari.

— Tena, akasema Mama, uliandika «vijana wa mtaa». Vijana wa mtaa ni wengi. Picha zikipotea, nitamwuliza nani? Na tena uliandika «tutakuja kesho». Wewe uliomba ruhusa, ao ulinipa habari tu?

— Nisamehe, Mama. Nikiandika barua nyingine, utaisoma?

— Nitaisoma.

3. Barua ya pili

Yosefu na wenzake walikaa siku mbili na barua ile. Soma polepole.

Lubumbashi, tarehe 3 Juni 2024

Kwa Mama Faida, mwenye duka, Kamalondo

Mama,

Mimi ni Yosefu, mtoto wa jirani yako wa nyumba ya tatu. Ninakuandikia kwa jina la vijana wane. Majina yetu na namba zetu za simu ziko chini ya barua. Mimi ndimi nitakayejibu kwa kila jambo.

Tunatengeneza filamu ya dakika 20 juu ya maisha ya kila siku katika mtaa wetu. Tunaomba ruhusa ya kupiga filamu ndani ya duka lako, kwa sababu tunataka kuonyesha namna sukari na mafuta vinavyopimwa kidogo kidogo, na namna duka linavyosaidia nyumba nyingi. Sehemu ya duka lako itakuwa kama dakika tatu.

Tunaomba asubuhi moja tu: siku ya tatu, tarehe 12 Juni, kutoka saa mbili hata saa nne, maana yake 8.00 hata 10.00 ya saa ya mkononi. Kama siku hiyo haikufai, chagua nyingine.

Tutaingia watu wawili tu. Tutakuwa na kamera moja juu ya miguu mitatu, na kinasa sauti kimoja. Hatutaleta taa, wala hatutapitisha waya mlangoni. Friji inatoa sauti inayofunika maneno ya watu. Kwa hiyo tunaomba uizime dakika kumi tu, wakati utakaposema nasi. Tutaiwasha sisi wenyewe mbele yako.

Hatutapiga picha za sanduku la feza, wala mlango wa nyuma, wala kufuli, wala daftari la madeni. Mtu akija kulipa deni ao kukopa, tutasimamisha kamera. Tukikosea, tutafuta picha hizo mbele ya macho yako.

Wanunuzi tutawauliza sisi, kila mtu kwa nafsi yake. Asiyetaka hataonekana. Mtoto hataonekana kama mzazi wake hajakubali. Kijana anayekusaidia kazi tutamwuliza peke yake.

Filamu itaonyeshwa katika sala ya mtaa tarehe 6 Julai. Tunataka pia kuiweka katika mtandao, watu waione katika simu. Lakini yafaa ujue: filamu ikiisha kuingia katika simu za watu, hatuwezi tena kuirudisha. Kwa hiyo unaweza kukubali ya sala na kukataa ya mtandao. Siku ya posho, tarehe 29 Juni, tutakuletea filamu uione mbele ya wengine. Ukiona jambo moja katika yale tuliyoahidi kutoonyesha, tutalikata.

Hatuna feza ya kukulipa. Tutakupa kopi moja ya filamu. Tukivunja kitu, tutakilipa.

Tunaomba jibu mbele ya tarehe 8 Juni. Tumeandika barua mbili zilizo sawa: moja yako, moja yetu. Ukikataa, tutaheshimu neno lako, na tutaendelea kununua chumvi kwako.

Wako kwa heshima,
Yosefu, na wenzake watatu

Jibu la mwenye duka:
Ninakubali, sala tu …
Ninakubali, sala na mtandao …
Ninakataa …
Tarehe na sahihi …

4. Tuitazame barua hii

Barua ya kwanza ilisema mambo ambayo Yosefu aliyapenda: filamu nzuri, jina kubwa. Barua ya pili inajibu mambo ambayo Mama aliyaogopa. Ndiyo tofauti ya kwanza.

Mwanzo wa barua unasema ni nani anayeomba. Si «sisi vijana», lakini mtu mmoja mwenye jina, nyumba na simu, ambaye Mama anaweza kumfuata kama neno limeharibika.

Kisha barua inasema ni kitu gani kinachoombwa, kwa kipimo: asubuhi moja, watu wawili, kamera moja, dakika tatu katika filamu. Duka la Mama Faida lina urefu wa metre nne na upana wa metre tatu tu. Watu wane na taa na nyaya wangelifunga, na wanunuzi wangekwenda kwingine. Saa nazo zimeandikwa mara mbili. Kwetu mtu akisema «saa mbili», mwingine atafikiri mwanzo wa asubuhi, na mwingine anayesoma saa ya Kifaransa atafikiri mchana. Watu wengi wamekosana kwa sababu hiyo.

Siku nayo haikuchaguliwa bure. Uwanja wa mpira wa TP Mazembe, uliofunguliwa mwaka 2011, uko Kamalondo. Siku ya mchezo njia zinajaa watu na kelele, na maduka yanauza sana. Siku kama hiyo mwenye duka hana nafasi ya kusimama mbele ya kamera, na kinasa sauti hakisikii kitu.

Sehemu iliyo kubwa ni ile ya mambo yasiyoonyeshwa. Yosefu hakuandika «tutaangalia vizuri». Aliandika kila kitu kwa jina lake: sanduku, mlango, kufuli, daftari. Ahadi ya namna hii inaweza kupimwa. Siku ya kuona filamu, Mama anaweza kuweka kidole juu ya barua na kusema: hiki kimo, ao hiki hakimo.

Tazama pia juu ya wanunuzi. Duka ni la Mama, lakini uso wa mnunuzi si wa Mama. Ruhusa yake inafungua mlango wa duka. Haifungui uso wa mtu mwingine. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 31, inasema kwamba kila mtu ana haki ya kuheshimiwa katika maisha yake ya siri. Deni la mtu ni jambo la maisha yake. Na kijana wa kazi anaulizwa peke yake, kwa sababu mbele ya bibi wake anaweza kuona haya kusema hapana.

Mwisho, barua inatoa nafasi ya kukataa, hata ya kukubali nusu. Mtu asiyepewa nafasi ya kusema hapana hakuombwa ruhusa.

Kuna mambo ambayo barua hii haiwezi kuyafanya. Ni ya ndani ya duka tu. Kwa kupiga filamu njiani, Yosefu lazima amwone kwanza shefu wa kartie na ofisi ya komini. Tena Mama Faida ni mwenye biashara, lakini nyumba ni ya mtu mwingine anayempangisha. Kama vijana wangetaka kupiga picha za kiwanja cha ndani, lazima wamwombe yule mwenye nyumba. Kwa hiyo, mbele ya kuandika, uliza: mtu huyu ana amri juu ya kitu ninachokiomba? Mara nyingi anayesimama nyuma ya meza ni ndugu ao mfanyakazi tu, na neno lake haliwezi kumfunga mwenye duka.

5. Siku ya tarehe 12

Mama Faida aliweka sahihi mahali pa «sala tu».

Asubuhi vijana walibandika karatasi mlangoni: «Leo hata saa nne tunapiga filamu humu. Usiyetaka kuonekana, utuambie, tutasimama.» Lakini hawakutegemea karatasi tu, kwa sababu si wote wanaosoma. Mmoja wao alisimama nje, akamweleza kila mtu mbele hajaingia. Aliyekubali alisema mbele ya kamera jina lake na neno «ninakubali». Wawili walikataa, kamera ikageuzwa kuelekea ukuta hata walipotoka.

Redio ya Mama ilikuwa ikiimba. Yosefu akaomba izimwe. Wimbo una mwenyewe, na sheria ya Kongo ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za watungaji. Tena, wimbo ukisikiwa chini ya maneno, huwezi kukata maneno na kuyaunganisha bila wimbo kurukaruka.

Ikafika zamu ya friji. Yosefu akaizima, kisha akaweka funguo za nyumba yake ndani yake, kati ya chupa. Mama akacheka.

— Mwanangu, funguo zinaona joto?

— Hapana, Mama. Nikisahau kuwasha friji, sitaweza kuingia kwetu. Nitarudi kuzitafuta, na nitakumbuka.

Watu wanaonasa sauti za filamu wanajua sana shauri hili. Friji iliyosahauliwa inaharibu samaki na jina la wale waliosahau.

Katikati ya kazi, mzee mmoja akaingia na feza mkononi, akasema: «Mama, nimeleta ile ya mwezi uliopita.» Mama akainua mkono. Kamera ikasimama. Mzee alipotoka, Yosefu akamwonyesha Mama picha ile, akaifuta mbele yake.

6. Siku ya posho, tarehe 29

Vijana walileta filamu. Mama akatazama sehemu yake bila kusema neno. Kulikuwa na picha nzuri ya mikono yake ikimimina sukari katika glasi. Ghafula akasema: «Rudisha nyuma. Simamisha.»

Kando ya glasi, katika pembe ya picha, daftari lilikuwa wazi. Hakuna aliyeliona siku ya kazi, kwa sababu macho ya wote yalifuata sukari. Yosefu akasema: «Ni dogo sana, Mama, haliwezi kusomwa.» Mama akamjibu: «Likuze.» Akaikuza picha kwa vidole viwili. Majina mawili yakasomeka wazi, na hesabu zao.

Wakakata picha ile. Ilikuwa picha waliyoipenda kupita zote, na urefu wake ulikuwa sekonde nane. Mahali pake wakaweka picha ya mafuta yakimiminwa katika kikopo.

Tarehe 6 Julai Mama Faida alikaa katika sala, kiti cha pili. Pembeni yake alikaa mtu mmoja ambaye jina lake lilikuwa katika daftari. Mtu huyo alitazama duka katika filamu, akacheka na wengine, na hakujua kwamba kwa muda mfupi jina lake nalo lilikuwa ndani ya filamu ile.

MANENO

Filamu ya mambo ya kweli: filamu inayoonyesha watu na kazi zao namna zilivyo, bila hadithi ya kubuni.
Kinasa sauti: chombo kinachoshika sauti na kuihifadhi.
Sala: chumba kikubwa cha kukutania watu.
Makayabo: samaki aliyetiwa chumvi na kukaushwa.
Shefu wa kartie: mkubwa wa mtaa, chini ya komini.
Sahihi: jina ambalo mtu analiandika kwa mkono wake ili kuonyesha kwamba amekubali.

MAULIZO

1. Katika barua ya kwanza, tafuta mahali ambapo Yosefu hakuomba, lakini alitoa habari tu.
2. Mama Faida aliogopa nini? Taja mambo matatu.
3. Sababu gani saa zimeandikwa mara mbili katika barua ya pili?
4. Mama alikubali. Sababu gani vijana waliwauliza wanunuzi tena?
5. Yosefu alifuta picha ya mzee. Nani aliyegundua kosa la pili, na lini? Neno gani la barua lilimpa nafasi ya kuligundua?
6. «Ni dogo sana, haliwezi kusomwa.» Yosefu alikosea wapi?

KAZI YA KUANDIKA

Unataka kupiga filamu ndani ya nyumba ya fundi wa nguo. Kwanza mtembelee fundi mmoja wa karibu, utazame mahali pake pa kazi. Andika katika daftari lako vitu vitatu ambavyo yeye hangependa vionekane, kama vile vipimo vya mwili wa wateja wake. Kisha andika barua ya kuomba ruhusa. Weka tarehe, saa, hesabu ya watu na vyombo, mambo yasiyoonyeshwa, mahali filamu itakapoonyeshwa, na nafasi ya kukataa. Ikiisha, mpe mwenzako aisome kana kwamba ndiye fundi, akuambie neno gani bado linamtia hofu.